Bati Jipya, Paa Linavuja

Bukoba hupata mvua nyingi kuliko miji mingi ya Tanzania, na huko kosa dogo la fundi hujitokeza mapema. Bati likiwa jipya na dari limeanza kulowa, kwanza utazamwe mteremko.

Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, paa la pande mbili. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 4. Kenchi ikiinuliwa sentimita 35 tu, mteremko ni nyuzi 5 hivi: mbao zimeokolewa, lakini maji yanatambaa polepole, na upepo unayasukuma kurudi juu, chini ya bati la pili. Ikiinuliwa mita 1 na sentimita 7, mteremko unafika nyuzi 15, na maji yanashuka haraka.

Kwa mteremko huo, bati la migongo ya duara la juu lilalie la chini kwa sentimita 15. Paa likiwa bapa zaidi, ziongezwe hadi 20 au zaidi, na maungio yazibwe kwa gundi ya mabati. Ubavuni, mgongo mmoja na nusu hutosha, ukingo wa juu ukielekea upande usiotokea upepo. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa kuanzia upande ulio karibu na ngazi.

Mstari wa kutu kwenye maungio unaonyesha maji yanakaa humo. Ili kupata tundu, paa limwagiwe maji kuanzia chini, kidogo kidogo kwenda juu, mwenzake akitazama darini.