Kabla hujafuta, hakikisha uko seva gani

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2017, yapata saa nane na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao, alikuwa bado anahangaika na seva mbili za kanzidata. Ya kwanza, db1, ndiyo iliyokuwa ikihudumia wateja. Ya pili, db2, ilitakiwa kubeba nakala ya kila kinachoingia db1, lakini ilikuwa imebaki nyuma na ikagoma kunakili. Fundi akahisi kwamba folda ya data kule db2 ina masalia ya majaribio yaliyotangulia, basi akaamua kuifuta. Sekunde moja au mbili baada ya kubonyeza, akaona yuko db1. Akaikatiza amri, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki kama nne na nusu.

Kosa hili ni jepesi kulifanya kuliko linavyosikika. Anayeingia kwenye kompyuta ya mbali haoni mashine yenyewe. Anaona dirisha jeusi lenye maandishi, na dirisha la db1 halina tofauti na la db2 isipokuwa tarakimu moja mwanzoni mwa mstari. Kwa mtu aliyechoka usiku, tarakimu moja si kitu. Na amri ya kufuta, `rm -rf`, haiulizi swali wala haina pipa la taka la kurudi kuokota.

Kuna amri mbili ambazo zingemzindua.

```
hostname
du -sh data
```

Ya kwanza inataja jina la mashine uliyomo. Ya pili inapima uzito wa folda unayotaka kuiondoa, na kwangu mimi hii ndiyo yenye faida kubwa zaidi, kwa sababu jina mtu hulisoma kwa mazoea, akaona anachotarajia kuona. Fundi yule alitarajia masalia machache tu. Kama skrini ingemjibu `300G`, angeshtuka hata kama macho yalishalipita jina.

Jambo la tatu ni kutofuta kabisa kwa hatua ya kwanza. Ibadilishe folda jina, na uifunge amri hiyo kwa jina la seva:

```
[ "$(hostname -s)" = "db2" ] && mv data data.zamani
```

Ukiwa kwenye seva nyingine, amri hii haifanyi lolote. Ukiwa pale ulipokusudia, folda inabadilishwa jina papo hapo, na ukigundua umekosea unairudisha hivyo hivyo. Kasoro yake ni kwamba nafasi ya diski haipatikani mpaka ufute kweli. Kama diski imejaa, mbinu hii haitakusaidia.

Amri nyingine zina jaribio lake zenyewe. `rsync`, inayolinganisha folda mbili na kufuta kilichozidi upande wa pili, ukiiongezea herufi `n` inakuonyesha itakachofanya bila kukifanya:

```
rsync -avn --delete kazi/ seva2:/data/kazi/
```

Soma mistari inayoanza na neno `deleting`. Ukitarajia mitatu ukaona mia nne, huenda umekosea njia, au folda ya chanzo ni tupu kwa sababu diski yake haikuunganishwa. Ukiridhika, irudishe amri ileile kutoka kwenye kumbukumbu ya skrini na uondoe `n` tu. Kuiandika upya ni kufungua mlango wa kosa jipya.

Turudi GitLab, maana mkasa mkubwa zaidi ulikuwa bado. Walipokwenda kutafuta bakapu ya kila siku, ghala walilokodi Amazon lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilishindwa ikaacha. Barua pepe za kutoa taarifa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani, wala hakuna aliyeshtuka kwa kutoziona. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo fundi huyohuyo aliipiga kwa mkono saa kama sita kabla, akiihitaji kwa seva ya majaribio. Kuinakili kulichukua saa zipatazo 18, kwa kuwa diski za majaribio zilikuwa za polepole. Data za kanzidata zilizoingia baada ya picha hiyo, zikiwamo rekodi za miradi kama 5,000, zilipotea.

Baadaye mafundi wao walipanga kubadilisha mwonekano wa mstari wa mwanzo kwenye kila seva, ili zitofautiane waziwazi. Kwa bakapu, rangi haitoshi. Angalia tarehe na ukubwa wa faili la jana. Likiwa la baiti chache badala ya gigabaiti, hiyo si bakapu. Kisha lifungue kwenye mashine nyingine isiyo na kazi, uhesabu safu za jedwali moja unalolijua, ulinganishe na seva kuu.