Etha ya Vanila Inakatika Upande Gani?

Harufu ya vanila hutokana kwa kiasi kikubwa na molekuli moja, vanilini. Katikati yake kuna pete ya kaboni sita, na mojawapo ya kaboni hizo imeshika oksijeni ambayo mkono wake wa pili umeshika kaboni ya kundi la methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Oksijeni ikikaa hivyo kati ya kaboni mbili, tunapata etha.

Etha ni sugu. Unaweza kuichemsha na magadi makali isibadilike. Lakini ukiichemsha na ayodidi ya haidrojeni, ile asidi nzito ya maabara yenye nguvu ya asilimia 57 hivi, inakatika. Kwa kuwa oksijeni ina vifungo viwili, ni lazima tujue ni kipi kitakachoachia.

Kazi huanza kwa namna ileile katika etha zote. Asidi huipa oksijeni protoni. Oksijeni sasa ina chaji chanya, inavuta elektroni kwa nguvu, na vifungo vyake vyote viwili vinalegea. Bila hatua hii hakuna kinachoendelea. Kisha inakuja zamu ya ioni ya ayodini, ambayo hutafuta kaboni ya kushika. Ili iishike, ni lazima iijie kutoka nyuma, upande ulio kinyume na oksijeni, na kuisukuma oksijeni itoke.

Kwenye vanilini, kaboni ya methili iko wazi kabisa: haidrojeni ni ndogo, hazizibi njia. Kaboni ya pete haifikiki, kwa sababu nyuma yake ipo pete yenyewe. Tena elektroni za oksijeni zimeingia kidogo kwenye pete, kwa hiyo kifungo cha upande huo ni kifupi na imara kuliko kifungo cha kawaida. Ndiyo maana ayodini huondoka na methili, na oksijeni hubaki kwenye pete ikiwa fenoli. Mwanafunzi akiandika kwamba ayodini imekaa kwenye pete na methanoli imetoka, amekosea, hata kama hesabu ya atomu imetimia pande zote mbili. Na etha yenye pete pande zote mbili za oksijeni haikatiki hata ukiichemsha na asidi hiyo.

Mkemia Simon Zeisel, aliyefanya kazi Vienna, aliigeuza tabia hii kuwa kipimo mwaka 1885. Ayodidi ya methili huchemka kwenye nyuzi 42 tu, na asidi yenyewe karibu nyuzi 127, hivyo methili iliyokatwa hupaa mara moja. Mvuke huo hupitishwa kwanza kwenye maji yenye fosforasi nyekundu, ili yanase ayodini na asidi iliyoponyoka, kisha huingia kwenye nitrati ya fedha iliyoyeyushwa katika spiriti. Humo hutokea mashapo ya manjano, ayodidi ya fedha, ambayo huchujwa, hukaushwa na kupimwa. Kwa miligramu 152 za vanilini safi tunatarajia miligramu 235 hivi za mashapo: methili moja kwa kila molekuli. Yakizidi, kagua kwanza chombo cha fosforasi, kwa maana asidi ikipenya huko nayo huleta manjano ileile. Kazi yote hufanywa ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa sababu mvuke wa ayodidi ya methili ni sumu.

Sasa chukua etha nyingine, ambayo upande mmoja ina methili na upande wa pili kaboni iliyozungukwa na kaboni tatu. Ukiitazama haraka utasema methili ndiyo itakayochukuliwa tena, maana iko wazi. Haiwi hivyo. Oksijeni ikishapata protoni, kaboni ile iliyosongamana haingoji kushambuliwa: inaachana nayo yenyewe, kwa sababu majirani zake watatu wanaisaidia kubeba chaji chanya. Ayodini huikuta imeshajitenga na kuishika, na methili huondoka na oksijeni ikiwa methanoli. Pete ya vanilini haiwezi njia hiyo, kwani kaboni yake haivumilii kubaki na chaji chanya.

Ila hapa kipimo cha Zeisel hakikuambii kifungo kilichokatika. Asidi ikiwa nyingi na ya moto, methanoli nayo hugeuzwa kuwa ayodidi ya methili na kupaa. Kuijua njia iliyopitwa, tumia asidi kidogo bila kuichemsha, kisha uangalie kama kuna methanoli.

Vilevile hakitofautishi methili na ethili. Vanila ya kutengenezwa kiwandani mara nyingi huwa na ethilivanilini, yenye ethili mahali pa methili. Nayo hukatika upande uleule, hutoa ayodidi ya ethili inayochemka kwenye nyuzi 72, na kwenye nitrati ya fedha huacha mashapo yaleyale ya manjano.