Kila Kliniki ni Presha na Kakopo ka Mkojo: Hizi Ndizo Namba Sista Huwa Anatafuta

Ukishabeba mimba, kila siku ya kliniki kuna vitu viwili huwezi hepa. Unafungwa mkanda wa presha mkononi, halafu unapewa kakopo uingie choo. Ya presha watu hukubali bila noma, lakini ya mkojo utasikia mtu akisema "leo sina, sista". Sasa hapo ndio shida, juu hivi vipimo viwili vinaenda pamoja.

Ugonjwa unaosakwa sana hapa unaitwa priklampsia. Unaanzia kwa kondo la nyuma. Kama halikujishikilia vizuri kwa mfuko wa uzazi mimba ikiwa changa, baadaye linaanza kumwaga kwa damu vitu vinavyoharibu mishipa ya mama. Mishipa ikikaza, presha inapanda. Na figo, ambazo ni kama chujio, zinaanza kuvuja protini ambayo haifai kuonekana kwa mkojo. Kwa hivyo mkanda unacheki mishipa, na kijiti kinacheki chujio. Kawaida hii kitu huingia baada ya wiki 20, na mwanzoni unaweza kuwa nayo na ujiskie fiti kabisa.

Namba ya kukumbuka ni 140/90. Hata upande mmoja tu ukifika hapo, juu au chini, lazima urudiwe. Lakini usipimwe ukiwa umetoka kukimbizana na matatu! Kaa dakika tano hivi, egemea kiti, miguu chini bila kuipishanisha, mkono uwe usawa wa moyo, na usipige stori. Kama mkono wako ni mnono, omba mkanda mkubwa, juu ule mdogo hudanganya presha iko juu.

Kwa mkojo, jipanguse kwanza, mwaga ule wa mwanzo, kisha kinga wa katikati. Uchafu wa ukeni ukiingia kwa kakopo, kijiti kinaweza kuonyesha protini na figo zako ziko sawa. Kale kasehemu ka protini huwa kanjano. Kakigeuka kijani, sista anaandika jumlisha moja, mbili au tatu kulingana na vile rangi imekolea.

Tuseme kuna manzi wa miaka 22 kutoka Githurai, mimba ya kwanza. Wiki ya 14 alikuwa 104/64, mkojo safi. Wiki ya 26, 112/70, bado safi. Wiki ya 32 anapata 144/92 na protini jumlisha mbili. Anaskia poa, viatu tu ndio vimembana kidogo. Sista anamwambia atulie, anarudia, inakuja 142/94. Huyu haambiwi aende nyumbani arudi mwezi ujao. Anatumwa hospitali kubwa, presha inapimwa tena baada ya saa nne, na anatolewa damu kuangalia figo, ini na chembe za kugandisha damu. Ikibaki juu, anapewa dawa za presha za wajawazito kama methildopa au nifedipini, na mtoi anafuatiliwa kwa karibu. Dawa zinashikilia presha tu. Kinachomaliza huu ugonjwa ni kujifungua, ndio maana wakati mwingine daktari huamua mtoto atoke mapema.

Angalia kitu kimoja hapo: ile 104/64 ya mwanzo ndio inaonyesha amepanda kiasi gani. Ukianza kliniki mwezi wa saba, hiyo rekodi hauna.

Kijiti chenyewe kinasema mengine pia. Sukari ikionekana, haimaanishi una kisukari moja kwa moja, juu figo za mjamzito huachilia sukari kirahisi. Utapimwa damu ndio ijulikane. Na kikionyesha dalili za maambukizi, unaweza kuhitaji antibayotiki hata kama hauchomeki ukikojoa, maana yakipanda hadi kwa figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Lakini kijiti hupitwa pia. Kuna wenye priklampsia na mkojo wao hauna protini. Kwa hivyo kichwa kikigonga bila kuisha, uone vimulimuli, uumwe chini ya mbavu upande wa kulia, ama uso na mikono ivimbe ghafla, enda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jana uliambiwa uko sawa. Presha ya 160/110 ni dharura. Hapo unaweza kupata degedege, na hospitali hutumia magnesiamu salfeti kuizuia.

Na ukishajifungua usitupe kile kitabu cha kliniki. Hii presha inaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya mtoto kutoka, kwa hivyo ukimpeleka chanjo ya wiki sita, toa mkono nawe upimwe.