Kakao Ilipochafuka: Kingo za ATR Dhidi ya Kingo za Upana Mmoja

Mwanzoni mwa 2023, tani moja ya kakao katika soko la New York ilikuwa dola 2,600 hivi. Kabla mwaka haujaisha ilikwisha kupita 4,000, na mwishoni mwa Machi 2024 ikavuka 10,000. Hali mbaya ya hewa na magonjwa ya mikakao yalikuwa yamepunguza mavuno ya Kodivaa na Ghana, nchi mbili ambazo pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia.

Bei haikupanda peke yake. Mtikisiko wa kila siku nao ulikua. Siku ambayo zamani ingesogeza bei kwa makumi ya dola, sasa iliisogeza kwa mamia, na mwishoni mwa Aprili 2024 kakao iliporomoka kwa zaidi ya dola 1,000 ndani ya siku moja. Mabadiliko hayo ndiyo yanayotenganisha njia mbili za kuchora mkondo wa bei kwenye chati.

Mkondo wenyewe huchorwa kirahisi. Mfanyabiashara huchukua wastani wa bei za kufunga za siku kadhaa zilizopita, ambao husogea kila siku mpya inapoingia na ya zamani inapotoka. Juu ya mstari huo huweka ukingo mmoja, na chini yake mwingine. Bei ikifunga juu ya ukingo wa juu, hununua kwa kudhani kwamba mwelekeo mpya umeanza. Ikirudi na kufunga chini ya wastani, hutoka. Swali linalobaki ni moja: kingo zikae umbali gani kutoka kwenye wastani?

Jibu la kwanza ni kuweka asilimia isiyobadilika, tuseme 5. Jibu la pili lilipata chombo chake mwaka 1978, J. Welles Wilder alipochapisha kipimo kinachosomeka kwenye programu za chati kama ATR, yaani wastani wa masafa halisi ya bei.

Neno "halisi" lina kazi yake. Tuchukue mfano wa kakao iliyofunga jana kwa 2,500. Leo soko limefunguliwa kwa 2,590, likapanda hadi 2,620, na halikushuka chini ya 2,580. Anayetoa bei ya chini kwenye bei ya juu atapata 40 na kuiita siku tulivu. Lakini aliyelala na mzigo wa jana ameona bei ikiruka kutoka 2,500 hadi 2,620. Kwa hiyo Wilder aliagiza tofauti tatu zilinganishwe: bei ya juu na ya chini ya leo, bei ya juu ya leo na ya kufunga ya jana, na bei ya chini ya leo na ya kufunga ya jana. Iliyo kubwa kuliko zote huchukuliwa. Hapa ni 120.

Kisha masafa hayo hulainishwa, kwa kawaida kwa siku 14. Kama ATR ya jana ilikuwa 50, ya leo ni 13 mara 50, jumlisha 120, gawanya kwa 14. Jibu ni 55. Siku moja yenye vurugu imekisogeza kipimo kidogo tu. Siku kumi za namna hiyo zingekisogeza sana.

Sasa njia mbili ziwekwe mezani pamoja. Katika soko tulivu, wastani ni 2,500 na ATR ni 50. Ukingo wa asilimia 5 unakaa 2,625, na ukingo wa ATR mara tatu unakaa 2,650. Vinakaribiana, na mtu angeweza kudhani kwamba kuchagua kimoja au kingine ni suala la ladha. Soko linapochafuka, wastani ufike 8,000 na ATR 450. Asilimia 5 ya 8,000 ni 400, yaani ukingo uko karibu kuliko mwendo wa siku moja ya kawaida. Bei itauvuka, itarudi, itauvuka tena, na kila mara mwenye sheria hiyo atanunua juu na kutoka kwa hasara, bila mwelekeo wowote mpya kuanza. Ukingo wa ATR utakuwa umehamia 9,350. Kuuvuka kunahitaji mwendo ambao ni mkubwa hata kwa soko lililochafuka.

Upande wa pili wa kasoro hiyo huonekana katika masoko yaliyotulia mno. Tangu nusu ya pili ya 2024, dola moja ya Marekani ilikaa muda mrefu karibu na shilingi 129 za Kenya. Ukingo wa asilimia 5 juu ya hapo uko zaidi ya 135, na bei haikuukaribia. Kingo za ATR zingekuwa zimejibana. Lakini hapo hapo udhaifu wa ATR unajitokeza: ukingo uliojibana sana huvukwa na mwendo wa senti chache, na faida ya mwendo huo inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza inayotozwa na dalali.

Kuna jambo la kuangaliwa pia siku ya mvuko wenyewe. Mruko mkubwa huipandisha ATR ya siku hiyo hiyo, hivyo ukingo husogea mbali na bei inayojaribu kuuvuka. Wanaoandika sheria zao kwa uangalifu huipima bei ya kufunga ya leo dhidi ya ukingo uliohesabiwa jana.

Gharama kubwa zaidi imejificha kwenye ukubwa wa mzigo. Mkataba mmoja wa kakao wa New York ni tani 10. Aliyenunua kwenye ukingo wa 2,650 na kupanga kutoka kwenye wastani wa 2,500 anahatarisha dola 1,500. Aliyenunua kwenye 9,350 akiwa na wastani wa 8,000 anahatarisha dola 13,500 kwa mkataba ule ule. Ndiyo maana wanafunzi waliofundishwa biashara na Richard Dennis na William Eckhardt kuanzia 1983 walipunguza mzigo kadiri ATR ilivyokua: mwendo wa ATR moja ulipaswa kugusa asilimia 1 tu ya akaunti. Mmoja wao, Curtis Faith, alieleza mwaka 2007 mfumo wa aina hii wenye wastani wa siku 350, ukingo wa juu wa ATR saba na wa chini wa ATR tatu.

Anayetaka kulinganisha njia hizi kwa bei za zamani ana mtego mmoja wa kuepuka. Kingo zilizo mbali hutoa mivuko michache, ziwe za asilimia au za ATR. Akipima asilimia 2 dhidi ya ATR tano, atakuwa amelinganisha upana tu. Kwanza atafute wastani wa upana wa kingo za ATR kwa kipindi chote, aubadilishe kuwa asilimia, na aupe ukingo usiobadilika asilimia hiyo hiyo. Kisha aweke hatari sawa kwa kila biashara, atoe gharama za dalali, na ahesabu mivuko ya bandia katika miezi ya utulivu na ya vurugu kila moja kwa upande wake.