Bibi Asiyechuja

Magazeti, redio na katuni zetu haziishi kuzaa bibi mpya. Ana kanga begani na kitochi mkononi, na wajukuu wanamletea shida zao za mapenzi, kazi na pesa. Mwanzoni wasomaji wanacheka, baadaye wanamzoea, na mwishowe wanampita bila kumsoma. Kwa maoni yangu anachuja kwa sababu mwandishi amempa rundo la methali akasahau kumpa utani, na utani ndio unaompa bibi haki ya kusema asemayo.

Katika jamii nyingi za Tanzania bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na wa kike humwita "mke mwenzangu". Mzazi hana ruhusa hiyo. Kazi yake ni kulea na kuadabisha, kwa hiyo kati yake na mtoto kuna heshima, na heshima huja na umbali. Bibi ameshaimaliza kazi hiyo kwa watoto wake mwenyewe. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika kuhusu mahusiano ya utani mwaka 1940, na aliwagusa pia mababu na wajukuu, lakini mtoto yeyote aliyelelewa na bibi anajua jambo hili bila kitabu. Mama akiuliza "ulilala wapi jana?", hayo ni mahojiano. Bibi akiuliza swali lilelile, ni wivu wa mke:

"Nimepiga simu usiku kucha, umezima. Umeoa bila kunitaarifu? Mlete huyo mwenzangu nimwone, nijue tutagawana vipi zamu."

Kijana atacheka, kisha atasema ukweli ambao mama yake asingeupata. Na ni lazima naye ajibu, kwa sababu utani una pande mbili. "Mke wangu, wewe una wivu na huna hata meno ya kumng'ata." Mjukuu akinyamaza, hata kwa aya tatu tu, bibi anageuka mhubiri na safu inakufa.

Baada ya utani, mpe miaka. Tuseme tunamjenga Bibi Mwanaidi wa Muheza, aliyezaliwa mwaka 1953. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 alikuwa msichana wa miaka 14. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilimkuta na miaka 20. Miaka ya mwanzo ya themanini alipanga foleni ya sukari akiwa na mtoto mgongoni, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, aliona jinsi watu walivyoogopa kukutwa na bidhaa ndani. Waandishi wengi hukosea hapa. Wanamwandika bibi wa leo kana kwamba aliishi enzi za misafara ya pembe za ndovu, wakati mwanamke huyu alicheza dansi na kuvaa viatu vya raizoni. Ukishaijua miaka yake, maneno yanakuja yenyewe:

"Suruali hiyo ndiyo unayoringia? Mimi nilimkataa mwanamume mwenye bugaluu pana kuliko hiyo, na alikuwa na baiskeli."

Sasa tumpe kazi. Mjukuu wake Rajabu, kijana wa miaka 24 anayeishi Dar es Salaam, amechukua mkopo wa mtandaoni, ile mikopo ambayo watu wameibatiza "kausha damu". Ameomba shilingi 100,000. Amepokea 75,000, nyingine zimekatwa juu kwa juu, na ndani ya siku saba anatakiwa kulipa 130,000. Amechelewa, na wadai wameanza kuwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake, bibi akiwemo.

Mwandishi mvivu atamfanya bibi aseme: "Mjukuu wangu, haraka haraka haina baraka. Dawa ya deni ni kulipa." Ni kweli, lakini maneno hayo yangeweza kusemwa na mtu yeyote, kwa kijana yeyote, katika shida yoyote. Rajabu hana la kujibu isipokuwa "sawa bibi". Bibi Mwanaidi angepiga simu hivi:

"Mume wangu, nimeletewa ujumbe na mtu nisiyemjua. Anasema wewe ni mwizi. Nimemjibu kwamba mwizi wangu namjua, anaiba sukari tu."

"Bibi, usiwajibu hao!"

"Nimeshajibu. Sasa niambie, uliomba laki wakakupa elfu sabini na tano. Hizo nyingine zilikwenda wapi?"

"Wanaita ada."

"Ada ya kukuchuna? Haya. Zamani mdai alikuja mlangoni, tukampa kiti na maji, tukaongea taratibu ili jirani asisikie. Huyu wako amemtangazia mpaka shehe. Namba yangu uliwapa kwa ruhusa ya nani?"

Angalia linalotendeka. Kicheko kimetoka kwenye sukari, jambo dogo la nyumbani ambalo wawili hawa wanalijua. Hesabu ya mkopo imeelezwa bila somo. Lile swali la mwisho ndilo lenye hekima, kwa sababu Rajabu aliporuhusu programu isome majina yote kwenye simu yake, aliweka rehani aibu ya watu ambao hawakukopa. Bibi hajui programu inavyofanya kazi, lakini anajua vizuri deni linavyofanya kazi, na hapo ndipo anapompita mjukuu. Ukimfanya achekeshe kwa kutojua simu tu, kichekesho hicho hakifiki toleo la tatu.

Ana mipaka pia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Taarifa hiyo ni muhimu kwa msomaji, lakini isitoke kinywani mwa Bibi Mwanaidi, kwa maana itasikika kama tangazo la serikali lililovishwa kanga. Mpe Rajabu, au rafiki yake, aisome kwa sauti. Bibi aulize tu: "Na wako yumo?" Ushauri wake mwenyewe utoke kwenye mambo ya maisha yake: asikope kwingine kulipa hili, na amfuate kijumbe wa mchezo wa mama yake amwombe zamu ya mapema.

Kisha ushauri uzae matokeo. Wasikilizaji wa mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, walimfuata Mkwaju, dereva wa lori, wakaona mwenendo wake unamfikisha wapi. Safu ya bibi nayo iwe hivyo. Toleo lijalo kijumbe akatae, kwa sababu Rajabu aliwahi kuchelewesha mchango. Bibi akiri kwamba hakulijua hilo, atafute njia nyingine. Mwandishi awe na daftari la kuandika haya yote: nani anadaiwa, mbuzi ana jina gani, bibi alisema nini Machi. Wasomaji hawasahau.

Na akumbuke nani hataniwi. Baba yake Rajabu ni mkwe wa Bibi Mwanaidi. Akibisha hodi, bibi anajifunika vizuri, sauti inashuka, na utani wote unaishia mlangoni: "Karibu baba. Safari njema?" Mwandishi akimfanya amtanie mkwe kuhusu ndoa yake, wasomaji wengi watafunga ukurasa. Bibi akiwa na la kumwambia mkwe, litapita kwa mjukuu:

"Mume wangu, mwambie baba yako suruali ya msikitini imechanika nyuma. Usiseme nimesema mimi. Sema umeona wewe, na useme leo, kesho ni Ijumaa."