Macho ya London, masikio ya Paris

Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006, mwanasiasa Markus Machokali anakwenda London kupasuliwa ili macho yake yakuzwe, asimkose adui yeyote wa Mtawala wa Aburiria. Anarudi na kupewa uwaziri. Mwenzake Silver Sikiokuu naye anakimbilia Paris kurefushwa masikio, ayanase hata maneno ya kunong'onezana. Naye anapata uwaziri. Aburiria ni nchi ya kubuni, lakini msomaji wa Kenya hapati shida kuitambua.

Viungo hivyo vikubwa vinamtazama nani? Kwanza kabisa, vinatazamana. Sikiokuu anamkamata na kumtesa mfanyabiashara Tajirika, rafiki wa Machokali, akitafuta ushahidi wa kumwangusha mpinzani wake. Wakati huohuo serikali nzima inamsaka Nyawira, kiongozi wa wapinzani wa siri, na kumbe amekuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya Tajirika huyohuyo, mwenyekiti wa mradi mkuu wa Mtawala. Nadhani hapa Ngũgĩ ameona jambo ambalo hadithi nyingi za madikteta hazilioni: jasusi husikiliza zaidi kile kitakachompandisha cheo, na mtu wa kawaida anayefanya kazi yake kimya humpita mbele ya pua.

Hofu nayo haikai upande mmoja. Nyawira na kijana Kamiti wanapofukuzwa na polisi usiku, Kamiti anatundika nje ya nyumba tambara lenye mifupa na onyo kwamba hapo anakaa mchawi mwenye nguvu. Polisi anatetemeka, anatimua mbio. Baadaye anarudi, safari hii kama mteja anayeomba dawa. Halafu wakubwa wenyewe wanaanza kubisha hodi, kila mmoja na siri yake. Serikali iliyowafanya watu waamini kwamba inaona kila kitu nayo inaamini kwamba yupo mwingine anayeona zaidi yake.

Ngũgĩ hakuyatoa hewani. Aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, katika gereza la Kamiti, jina lilelile alilompa shujaa wake. Mwaka 1986 alitoa riwaya nyingine ya Kigĩkũyũ, Matigari, kuhusu mzee anayezunguka nchi akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ngũgĩ ameeleza kwamba mwanzoni mwa 1987 watu wa usalama waliripoti kuwa wanakijiji wanamzungumzia mtu huyo, na amri ikatoka akamatwe. Polisi walipogundua kwamba Matigari ni mhusika wa kitabu tu, walivamia maduka ya vitabu na kukamata nakala.