Jina Lako Kwenye Gazeti la Serikali: Ni Lini Linatakiwa, na Ni Lini Hapana

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tuna ujumbe wa mama mmoja. Anasema hivi: "Kwenye karatasi yangu ya familia jina langu limeandikwa Zawandi, lakini mimi ni Zawadi. Kuna mtu hapa kambini anasema lazima nitangaze kwenye gazeti la serikali ndipo lirekebishwe, na anataka laki tatu. Je, ni kweli?" Studioni tuko na wakili anayeshughulikia mambo ya vyeti na hati za wakimbizi hapa Uganda. Wakili, karibu. Tuanze na huyu mama.

WAKILI: Asante. Shikamoo mama huko uliko. Jibu ni hapana. Usimpe huyo mtu hata shilingi mia. Wewe hubadilishi jina. Jina lako ni Zawadi, lilikuwa Zawadi kabla hujavuka mpaka, na aliyekosea ni mkono ulioandika. Hilo ni sahihisho, na sahihisho linafanyika palepale kosa lilipofanyika, yaani kwenye ofisi inayoandikisha wakimbizi, OPM pamoja na UNHCR. Unakwenda siku ya marekebisho na karatasi yoyote yenye jina sahihi, kama kadi ya uchaguzi ya Kongo, cheti cha shule, cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki ya mtoto. Kama huna karatasi hata moja, eleza hivyohivyo. Wanaweza kukuhoji, au kukuomba tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Gazeti la Serikali halihusiki hapo.

MTANGAZAJI: Wengine wanaposikia "gazeti" wanafikiri ni lile linalouzwa barabarani.

WAKILI: Ndiyo maana matapeli wanapata chakula. Gazeti la Serikali halina habari za mpira wala siasa. Ni chapisho rasmi, hapa Uganda linachapwa Entebbe na kutoka siku ya Ijumaa, na ndani yake mna sheria mpya, uteuzi wa maofisa, hati za ardhi zilizopotea, na matangazo ya watu wanaotaka kubadili majina. Sheria inataja gazeti hilo. Ukitangaza kwenye gazeti la kawaida, au kanisani, au hata hapa redioni kwenu, watu watajua, lakini hujatimiza sheria.

MTANGAZAJI: Basi tuambie, ni nani hasa anayetakiwa kutangaza?

WAKILI: Ni mtu mzima, wa miaka 18 au zaidi, ambaye kuzaliwa kwake kumeandikwa katika daftari la Uganda, na ambaye kwa hiari yake anataka kuacha jina moja na kuchukua jingine. Nitoe mfano. Tuseme kuna kijana aliyezaliwa Kyangwali mwaka 2004, wazazi wake Wakongo. Walikuwa wamekimbia, hali ilikuwa ngumu, wakamwita Furaha Mateso. Na kuzaliwa kwake kuliandikwa. Sasa amekua, hataki tena kubeba jina Mateso, anataka kuitwa Furaha Amani. Hapa hakuna mtu aliyekosea kuandika. Jina la zamani lilikuwa sahihi, na yeye anataka jingine. Hilo ndilo badiliko la jina.

MTANGAZAJI: Anaanzia wapi?

WAKILI: Kwa kawaida anaandikiwa kwanza hati ya kubadili jina. Ni karatasi ambayo anasema: mimi niliyekuwa naitwa hivi, naacha jina hili na kuchukua hili. Anaisaini mbele ya shahidi na inasajiliwa kwenye ofisi ya usajili ya serikali, URSB. Halafu linakuja tangazo. Tangazo lenyewe ni fupi, linasema kwamba fulani wa mahali fulani anakusudia kubadili jina kutoka Furaha Mateso kuwa Furaha Amani. Tazama neno "anakusudia". Uganda mtu anatangaza kabla daftari halijaguswa. Jirani zetu Kenya wanafanya kinyume, hati inasajiliwa kwanza na gazeti linafuata, likisema fulani ameshaacha jina lake la zamani.

MTANGAZAJI: Tofauti hiyo ina maana gani kwa mtu wa kawaida?

WAKILI: Ina maana kwamba hapa kuna siku za kusubiri. Sheria inasema zisipungue siku saba tangu tangazo litoke. Kama unamdai huyo kijana, au unajua anakimbia kesi, una muda wa kusema. Tuseme gazeti limetoka Ijumaa tarehe 6. Akienda tarehe 9 atarudishwa. Mimi humwambia mteja wangu asibishane na karani juu ya kuhesabu siku, aende Jumatatu tarehe 16, hapo hakuna wa kumuuliza. Anakwenda NIRA, ofisi inayoshika daftari la vizazi, anajaza fomu, anatoa nakala ya gazeti na hati yake, analipa ada. Ofisa akiridhika, analirekebisha daftari. Hapo ndipo jina limebadilika. Gazeti peke yake halibadilishi kitu. Nimeona watu wakikunja ile kurasa na kuiweka kwenye sanduku miaka mitatu, wakidhani kazi imekwisha.

MTANGAZAJI: Na mtoto, je?

WAKILI: Mtoto wa chini ya miaka 18 hahitaji gazeti. Mzazi au mlezi anaomba moja kwa moja kwa ofisa wa usajili. Kwa hiyo kama mwanao amezaliwa hapa na jina lake linakusumbua, heri ulishughulikie kabla hajawa mtu mzima, njia ni fupi.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Wakili, wasikilizaji wetu wengi hawakuzaliwa Uganda. Walizaliwa Rutshuru, Uvira, Bunia. Wao wanafanyaje?

WAKILI: Hapa naomba wasikilize vizuri. Tangazo linamwezesha ofisa kurekebisha daftari ambamo kuzaliwa kwako kumeandikwa. Kama kuzaliwa kwako kumeandikwa Uvira, au hakujaandikwa popote, NIRA haina ukurasa wako wa kurekebisha. Unaweza kulipia tangazo, likatoka zuri kabisa, na bado usiwe na mahali pa kulipeleka. Sheria ya Kongo nayo ina njia yake. Sheria yao ya familia ya mwaka 1987 inasema mtu habadili jina, wala namna ya kuliandika, wala mpangilio wa sehemu zake, bila ruhusa ya mahakama. Lakini mtu aliyekimbia nchi yake hawezi kuambiwa arudi akaombe mahakamani. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unalijua jambo hilo. Kifungu cha 25 kinasema kwamba pale ambapo mkimbizi angehitaji msaada wa mamlaka za nchi aliyoikimbia, nchi aliyomo, au shirika la kimataifa, lihakikishe anapata hati hizo kwa njia nyingine. Kwa hiyo mlango wako ni ofisi ya wakimbizi, na tamko la kiapo, na mwanasheria wa msaada wa bure kama yupo kambini.

MTANGAZAJI: Umetaja mpangilio wa majina. Hilo linasumbua Wakongo sana.

WAKILI: Sana! Na wengi wanaodhani wana tatizo la kubadili jina, kumbe ni hilo. Mkongo ana majina matatu, jina, jina la nyuma, na lile la ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya kizungu, watu wakaongeza jina la kienyeji, na baadaye ya ubatizo yakarudi. Kisha unafika hapa, fomu ina kisanduku cha jina la kwanza na kisanduku cha jina la ukoo. Karani anaweka la ubatizo mwanzo kwa baba, na mwisho kwa mtoto. Isitoshe, kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana majina yote matatu. Halafu kwenye interviu ya kuhamishwa nchi ya tatu anakuuliza, "Mbona mtoto wako hana jina lako?" Mtu anaogopa, anakimbilia kubadili jina la mtoto lifanane na lake. Usifanye hivyo. Eleza desturi yenu, na omba majina yapangwe kwa namna moja kwenye karatasi zote. Ukibadili jina wakati faili inatembea, umeongeza swali jipya badala ya kujibu la kwanza. Na kama umewahi kutumia jina jingine, hata njiani wakati wa kukimbia, litaje. Fomu ina sehemu ya majina mengine.

MTANGAZAJI: Kuna watu wanaotaka kubadili jina ili wasipatikane na wanaowatafuta.

WAKILI: Kwa hao, tangazo ni hatari. Fikiria kilichomo: jina la zamani, jina jipya, na mahali ulipo, vyote kwenye mstari mmoja. Aliyekuwa anakutafuta kwa jina la zamani amepewa na jipya. Gazeti la Serikali linahifadhiwa, mengine yako kwenye intaneti, na likishatoka halirudi. Mtu mwenye hofu hiyo aende kwa ofisa wa ulinzi wa UNHCR, aombe kuzungumza naye faraghani, kabla hajasaini hati yoyote.

MTANGAZAJI: Na yule anayedai laki tatu? Mtu atajuaje kama kurasa aliyoletewa ni ya kweli?

WAKILI: Kwanza, yule anayesema atalirekebisha kosa la tahajia kupitia gazeti, huyo ameshajifichua. Kwa anayehitaji tangazo kweli, usipokee fotokopi ya kipande kilichokatwa. Dai toleo zima. Juu yake kuna nambari ya toleo na tarehe, na kwenye kalenda tarehe hiyo iwe Ijumaa, isipokuwa kama ni toleo maalumu. Tangazo lako liwe na nambari yake. Malipo yawe na risiti ya serikali yenye jina lako. Halafu kwa kuwa limeandikwa kwa Kiingereza, tafuta mtu wa kukusomea herufi kwa herufi. Likitoka "Furaha Aman" bila ile "i" ya mwisho, karani wa NIRA atalinganisha na hati yako, atakuta hazifanani, na utalipia tangazo jingine.

MTANGAZAJI: Vyeti vya shule vinabadilika vyenyewe?

WAKILI: Havibadiliki. Furaha wetu ana cheti cha shule cha Furaha Mateso, na kitabaki hivyo mpaka wenye cheti waamue vingine. Ndiyo maana aweke nakala mbili au tatu za toleo lile pamoja na hati yake. Kila atakapoombwa cheti, atoe vyote pamoja, aonyeshe kwamba Mateso na Amani ni mtu mmoja. Na siku akibadilishiwa kitambulisho cha mkimbizi, akumbuke pia kadi ya chakula na laini ya simu. Pesa ikitumwa kwa jina Amani na laini bado ni ya Mateso, hataitoa.

(Muziki wa kufungia.)